Nguo zetu zinafia kwenye beseni

Mama mwenyekiti asante kwa nafasi, jamani wamama hamjambo, sitawachelewesha maana najua hisa bado hazijahesabiwa, ila hili la nguo nalo ni hela zetu tu.

Tunaloweka kila kitu beseni moja, sabuni ya unga tunamwaga kama ya bure, halafu tunasema nguo za siku hizi feki. Anza kwa kujua umeshika kitambaa gani. Lebo ikiwa imeshang'oka vuta kauzi kamoja kwenye mshono wa ndani, kashike kwa koleo mbali na nguo, ukawashe. Kakinukia karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, hiyo ni pamba au ndugu zake kama viskosi. Kakinuka nywele ni sufu au hariri. Kakiyeyuka na kuganda kijidonge kigumu hiyo poliesta, na ndo ujue pasi ya moto itaifanyaje.

Pamba inavumilia sana, ila maji moto yanairudisha na rangi inachuja, kwa hiyo nyeusi mpya ifue peke yake, maji baridi, ndani nje. Viskosi ile laini inayoning'inia vizuri ikilowa inakuwa dhaifu, ukiikamua kwa nguvu unaichana mwenyewe, ikandamize tu maji yatoke. Sweta la sufu usilisugue kabisa, joto na msuguano ndo vinaligeuza la mtoto. Na zile zinazovutika, sidiria, taiti, dawa ya klorini na jua kali vinaua mpira wake, hata sufu na hariri msizitie hiyo dawa.

Doa la damu maji baridi kwanza, ya moto yanaligandisha humo humo. Zipu funga kabla ya kufua, meno yake yanakwaruza nguo nyingine. Sabuni ikizidi haisuuziki vizuri, nguo inabaki ngumu na inashika uchafu haraka.

Kuanika, za rangi weka kivulini au zigeuze, sweta lilaze juu ya taulo maana likining'inizwa linarefuka mpaka magotini, mama mweka hazina anacheka, anajua nasema la nani.

Kuhifadhi ndo tunapoharibu zaidi, yaani unavaa mara moja unaona safi unairudisha kabatini, kumbe jasho na mafuta ya mwili vinaita wadudu na baada ya muda vinaacha manjano. Fua, ikauke kabisa hadi kwenye mishono, ikibaki unyevu inapata koga. Mifuko ya plastiki inafungia unyevu, tumia shuka kuukuu. Vile vidonge vyeupe vya nondo viwe mbali na watoto, wanadhani pipi na ni sumu.

Haya, mliokuja na nguo sogeeni hapa mezani na uzi wenu, kiberiti ninacho, tuanze na ile blauzi ya kijani.