Mkataba wa Kupanga Chumba Kimoja, Pasua, Moshi

Mkataba huu ni kati ya Mama Upendo (Mwenye Nyumba) na Elibariki (Mpangaji). Chumba ni namba 3, upande wa uani, katika nyumba ya vyumba vinne iliyopo Pasua, Manispaa ya Moshi. Choo, bafu na bomba la uani ni vya wapangaji wote. Upangaji unaanza tarehe 1 Machi 2026 na kuisha tarehe 28 Februari 2027.

1. Kodi ya chumba

Kodi ni shilingi 60,000 kwa mwezi na haitapanda ndani ya miezi hii 12. Inalipwa kwa miezi mitatu mitatu, yaani shilingi 180,000, tarehe 1 Machi, 1 Juni, 1 Septemba na 1 Desemba. Mwisho wa kulipa ni tarehe 5 ya mwezi huo. Anayeona atachelewa aseme kabla ya tarehe 5 na ataje siku atakayolipa, isizidi tarehe 15.

Akilipa kwa simu, Mpangaji anaongeza ya kutolea, na meseji ya muamala ndiyo risiti. Akilipa taslimu, anaandikiwa risiti palepale yenye tarehe, kiasi na miezi iliyolipiwa. Neno "nimepokea" bila kutaja miezi halitoshi, maana hapo ndipo ubishi wa mwezi gani umelipwa unapoanzia.

Mpangaji ameweka amana ya shilingi 60,000. Amana si kodi ya mwezi wa mwisho.

2. Umeme

Nyumba ina LUKU moja, na kila chumba kina mita yake ndogo. Mita ya chumba namba 3 ilisoma 412 siku ya kukabidhiana funguo. Mita zinasomwa kila Jumapili saa 10 jioni, wapangaji wakiwepo, na namba zinaandikwa kwenye daftari lililopo koridoni.

Kila chumba kinachangia kulingana na uniti zake. Mfano: ikiwa shilingi 20,000 zimetoa uniti 56, chumba kilichotumia uniti 14 kinalipa 5,000. Taa ya uani na ya chooni zinagawanywa sawa kwa vyumba vinne.

Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ni ya Mwenye Nyumba. Atakayenunua umeme na kukatwa aonyeshe meseji, kisha arudishiwe kiasi hicho ndani ya siku 7. Kisihesabiwe kwenye bei ya uniti, kwa sababu kikichanganywa humo wapangaji ndio watakaokuwa wamekilipa.

Pasi, redio, televisheni na friji ndogo vinaruhusiwa. Jiko la koili na hita ya kuchemshia maji haviruhusiwi: waya za chumba hiki ni za taa na soketi ndogo, zikizidiwa huungua ndani ya ukuta.

3. Maji na taka

Bili ya MUWSA inagawanywa kwa idadi ya watu wanaolala ndani ya nyumba, si kwa vyumba. Bili ibandikwe mlangoni kabla ya michango. Bomba likivuja, Mwenye Nyumba analitengeneza ndani ya siku 3 tangu aambiwe. Taka zinalipiwa sawa kwa kila chumba.

4. Wageni

Mgeni wa mchana hahitaji ruhusa. Mgeni wa kulala anaruhusiwa hadi usiku 3 mfululizo. Zaidi ya hapo Mwenye Nyumba aarifiwe. Akizidisha usiku 14 katika mwezi mmoja, anahesabiwa kwenye bili ya maji. Geti linafungwa saa 5 usiku, na Mpangaji ana ufunguo wake.

Mwenye Nyumba haingii chumbani bila kutoa taarifa siku moja kabla, isipokuwa kuna moto au maji yanafurika.

5. Hali ya chumba

Kitasa kizima, funguo mbili, soketi mbili, kioo kimoja cha dirisha kimepasuka kona ya chini, alama ya maji darini karibu na mlango. Hayo mawili ya mwisho yalikuwepo, na Mpangaji hatadaiwa. Mwenye Nyumba atapiga bati kabla ya masika kukolea, si zaidi ya tarehe 20 Machi.

6. Notisi

Anayetaka kuvunja mkataba atoe notisi ya siku 30 kwa barua, nakala mbili, mpokeaji asaini na kuandika tarehe. Siku zinahesabiwa kuanzia tarehe hiyo. Meseji peke yake si notisi.

Notisi ikiisha, siku zilizolipiwa lakini hazijatumika zinarudishwa kwa shilingi 2,000 kwa siku. Mpangaji akiondoka bila notisi, amana haitarudi. Akiondoka kwa utaratibu, chumba kinakaguliwa kwa kufuata kifungu cha 5 na amana inarudi ndani ya siku 7, ikitolewa gharama ya alichoharibu tu, kwa risiti ya fundi.

Hata kama kuna deni, Mwenye Nyumba hatafunga mlango kwa kufuli, hatakata umeme wala kutoa vyombo nje. Mgogoro unapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi, na ukishindikana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Umesomwa kwa sauti mbele ya wote na kusainiwa nakala mbili, Pasua, tarehe 28 Februari 2026.

Mwenye Nyumba: Mama Upendo (amesaini)
Mpangaji: Elibariki (amesaini)
Shahidi: mpangaji wa chumba namba 1 (amesaini)
Mwenyekiti wa mtaa: amesaini na kugonga muhuri