TAHADHARI: BETRI FEKI. LINGANISHA NA PICHA KABLA YA KULIPA

Kwa wanunuzi wote wa betri za tochi, redio, rimoti, saa na vifaa vya kuchaji.

Zipo betri zinazouzwa zikiwa zimevishwa ganda la aina inayoaminika, kumbe ndani ni kitu kingine. Chini ya tangazo hili zimebandikwa picha 6. Katika kila picha, betri ya kushoto ni halisi na ya kulia ni feki. Zipige picha kwa simu uende nazo dukani, na ukikagua betri simama penye mwanga wa mchana, kwa sababu taa ya duka huficha rangi zilizopauka.

Tuelewane kwanza: betri rahisi si lazima iwe feki. Betri ya kaboni na zinki ni bidhaa halali, na kwa saa ya ukutani au rimoti inatosha kabisa. Feki ni ile inayojiita alkalaini na siyo, au inayobeba jina la kiwanda ambacho hakikuitengeneza.

PICHA 1: MSIMBO. Zungusha betri utafute maandishi madogo yenye herufi na namba. Betri ndogo ya AA ikiwa alkalaini huandikwa LR6. Ikiwa ya kaboni ni R6, wakati mwingine R6P. Ile nyembamba ya AAA ni LR03 au R03. Kubwa ya D ni LR20 au R20. Ile ya mraba ya volti 9 ni 6LR61 ikiwa alkalaini, na 6F22 ikiwa ya kaboni. Kwa hizi za mviringo, herufi L iliyo mbele ya R ndiyo inayosema alkalaini. Itazame ya kulia: mbele imeandikwa alkalaini kwa herufi kubwa za dhahabu, nyuma karibu na kitako imebaki R6P. Mchapaji alisahau kurekebisha upande wa pili.

PICHA 2: MZANI. Msimbo unaweza kunakiliwa sawasawa. Uzito ni mgumu kuigiza. AA ya alkalaini ina gramu 23 hivi, ilhali ya kaboni huwa kati ya 15 na 19. AAA ya alkalaini ni gramu 11 hadi 12. D ya alkalaini hukaribia gramu 140, na ya kaboni mara nyingi haifiki 100. Mzani wa jikoni unaosoma gramu nzima nzima hukosea kwenye betri moja, kwa hiyo pima nne pamoja: AA nne za alkalaini zikisoma 92 au zaidi kidogo, sawa; zikisoma 70, zirudishe. Huna mzani? Beba betri moja unayoiamini, ishike mkono mmoja na ya dukani mkono wa pili. Kwenye saizi ya D tofauti huijua papo hapo.

Angalizo moja: AA ya lithiamu ya volti 1.5, yenye msimbo FR6, ina gramu 15 tu na ni halisi. Usiikatae kwa wepesi wake.

PICHA 3: KICHWA NA KITAKO. Bati la betri mpya ni safi na halina mikwaruzo. Alama za kusuguliwa na springi zinaonyesha imeshatumika ikavishwa ganda jipya. Tazama pia ukingo wa ganda: kwenye halisi umebana sawasawa pande zote mbili, kwenye feki una mikunjo, au umekaa upande. Mahali ulipochanika, picha ya kulia inaonyesha ganda la rangi nyingine chini yake. Unga mweupe au unyevu kwenye kitako ni dalili ya kuvuja. Hiyo hata ikiwa halisi, iache.

PICHA 4: MAANDISHI. Herufi moja iliyoongezwa au kubadilishwa kwenye jina, rangi iliyopauka, nembo iliyokatika kwenye mshono. Tarehe ya mwisho wa matumizi iliyo kwenye betri lazima ilingane na ya pakiti.

PICHA 5: BETRI ZA KUCHAJI. Hapa ndipo udanganyifu ni mkubwa na hatari ni kubwa. Betri ya 18650, ile inayotumika kwenye tochi kali na pawabenki, ina upana wa milimita 18 na urefu wa 65. Katika umbo hilo, betri nzuri za kawaida huishia karibu na uwezo wa mAh 3,500 na uzito wake ni gramu 45 hadi 50. Ukiona 8,000 au 9,900 imeandikwa kwenye ganda, huhitaji hata kuipima. Ya kulia ina gramu 28. Imepasuliwa ili muone: ndani mna betri ndogo, na nafasi iliyobaki imejazwa unga. Msijaribu kuipasua nyumbani, inaweza kuwaka.

Nyingine zimetolewa kwenye kompyuta mpakato chakavu. Utazitambua kwa vidoti viwili viwili vya kuchomelea kwenye kichwa au kitako, au mabaki ya utepe wa bati. Betri iliyochoka namna hiyo hupata joto ikichajiwa, na ukiichanganya na nzima kwenye kifaa kimoja huiharibu nzima.

AA za kuchaji zisizo za lithiamu huandikwa volti 1.2, hilo si kosa. Uwezo unaozidi mAh 2,800 ndio wa kutilia shaka.

PICHA 6: BETRI ZA KITUFE. CR2032 ina upana wa milimita 20, unene wa 3.2, volti 3, na msimbo wake umegongwa kwenye bati upande wa alama ya kujumlisha. Usinunue zilizorundikwa mfukoni: zikigusana humalizana nguvu kabla hujafika nazo nyumbani. Pakiti halisi huhitaji mkasi kufungua, na ni kwa makusudi. Mtoto akimeza, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo bila kumtapisha. Koo linaweza kuungua vibaya ndani ya saa 2.

VIPIMO VISIVYOTHIBITISHA. Kuidondosha sakafuni uone kama inadunda husaidia kutenga alkalaini iliyotumika na mpya, basi. Haikuambii nani kaitengeneza. Mita nayo: betri feki mpya husoma volti 1.5 vizuri tu ikiwa haina mzigo, kisha huzima mapema kwenye tochi. Mita inafaa kwa jambo moja, kukamata AA ya alkalaini inayouzwa kama mpya ilhali iko chini ya 1.5. Na kuanika betri juani huipandisha kwa muda mfupi, halafu huvuja ndani ya kifaa.

UKISHAUZIWA. Itoe kwenye kifaa. Piga picha 4: kichwa, kitako, msimbo, na tarehe pamoja na pakiti. Rudisha kwa muuzaji ukiwa na risiti. Wapo wauzaji waliouziwa pia bila kujua. Kama alkalaini imevuja, vaa glavu, futa kwa kitambaa chenye siki kidogo, kausha kabisa kabla ya kuweka nyingine. Betri ya 18650 ifunge ncha zote mbili kwa utepe wa gundi, usiitupe motoni wala kwenye takataka za kawaida.

Mzani na betri halisi za kulinganishia vipo kwenye meza ya kamati kila Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Kupima ni bure. Njoo na pakiti, usilete betri peke yake.

Kamati ya Wanunuzi na Mafundi