Kiwango cha Msingi cha Usalama wa Programu Dhibiti kwa Kompyuta Mpakato Kumi za Kampuni

Toleo la 1. Linaanza kutumika tarehe 2 Machi 2026. Mwenye dhamana ni Afisa TEHAMA, na mwidhinishaji ni Meneja wa Utawala.

Kiwango hiki kinahusu nini

Waraka huu unaweka masharti ya chini kabisa ambayo kila kompyuta mpakato ya kampuni, kuanzia L01 hadi L10, inapaswa kuyatimiza kabla ya kukabidhiwa mfanyakazi na kwa muda wote itakapokuwa mikononi mwake. Kompyuta nane zinatumia Windows 11, na mbili, yaani L07 na L08, zinatumia Ubuntu. Masharti yanahusu programu dhibiti, ile inayoamka kabla ya mfumo endeshi na kuamua ni nini kitakachopakiwa baada yake. Anayeitawala hatua hiyo anaweza kuingia chini ya kinga zote zilizowekwa juu yake, zikiwemo programu za kuzuia virusi, na anaweza kubaki humo hata diski ikifutwa na mfumo ukasakinishwa upya. Hilo lilithibitika mwaka 2018, wakati watafiti walipoieleza hadharani programu hasidi ya LoJax, iliyokuwa imejiandika ndani ya chipu ya programu dhibiti yenyewe.

Masharti matatu yanayofuata, yaani manenosiri, mpangilio wa kuwasha na `Secure Boot`, ukaguzi wa sahihi za vipakiaji wakati wa kuwaka, yanategemeana. Mpangilio wa kuwasha usiolindwa kwa nenosiri hubadilishwa na mtu yeyote aliyeachwa na kompyuta kwa dakika mbili, na `Secure Boot` huzimwa kwa urahisi uleule. Kwa sababu hiyo, kompyuta iliyotimiza masharti mawili kati ya matatu itahesabiwa kuwa haijatimiza kiwango.

Kabla ya kugusa chochote

Kubadilisha mipangilio ya `Secure Boot`, au kusasisha programu dhibiti, hubadilisha vipimo ambavyo chipu ya usalama ya TPM huvitumia kuifungua diski iliyosimbwa kwa BitLocker, mfumo wa usimbaji wa Windows. Matokeo yake ni kwamba kompyuta inaweza kuwaka na kudai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48, na usipopatikana, data iliyomo haitafunguka tena. Hakuna kazi yoyote katika waraka huu itakayoanza kabla Afisa TEHAMA hajauona ufunguo huo kwa macho yake katika hifadhi ya manenosiri ya kampuni na kuulinganisha na kitambulisho cha kompyuta husika. Kuambiwa na mtumiaji kwamba ufunguo upo mahali fulani hakutoshi.

Ulinzi wa BitLocker utasimamishwa kwanza, kisha utarejeshwa kazi ikishakwisha, kwa kutumia PowerShell iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi:

```
Suspend-BitLocker -MountPoint "C:" -RebootCount 0
Resume-BitLocker -MountPoint "C:"
```

Namba 0 ina maana kwamba ulinzi utabaki umesimama hadi amri ya pili itolewe, hata kompyuta ikijizima na kuwaka mara kadhaa. Amri ya pili ni sehemu ya kazi, na kompyuta haitarudishwa kwa mtumiaji kabla haijatekelezwa.

Manenosiri

Kila kompyuta itawekewa nenosiri la msimamizi wa programu dhibiti, ambalo kwenye skrini huitwa `Supervisor Password`, `Administrator Password` au `Admin Password` kutegemea mtengenezaji. Nenosiri hili ndilo linalozuia mipangilio kubadilishwa. Litakuwa tofauti kwa kila kompyuta. Kampuni yenye kompyuta kumi haina sababu ya kutumia nenosiri moja kwa zote, kwa kuwa siku moja kompyuta mojawapo itapelekwa kwa fundi wa nje, nenosiri lake litatajwa, na nyingine tisa hazipaswi kufunguka kwa sababu hiyo.

Nenosiri litakuwa na herufi na tarakimu zisizopungua 12, zitakazobuniwa na programu ya kuhifadhi manenosiri na si kichwani mwa mtu. Pale ambapo modeli hairuhusu urefu huo, utatumika urefu wa juu kabisa inaouruhusu. Litaundwa kwa herufi ndogo za alfabeti na tarakimu pekee, bila alama kama `@`, `#` au `/`. Huenda hilo likaonekana kama kupunguza nguvu, lakini lina sababu: programu dhibiti nyingi husoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani bila kujali mpangilio uliochaguliwa katika mfumo endeshi, hivyo alama iliyoandikwa siku ya kuweka nenosiri inaweza isipatikane kwenye kitufe kilekile siku ya kulihitaji. Urefu unafidia kinachopotea.

Uangalifu unahitajika hapa kuliko mahali pengine popote. Kwenye kompyuta nyingi za kibiashara, nenosiri la msimamizi likisahaulika haliondolewi kwa kuchomoa betri ndogo ya ubao mama, kwa kuwa huhifadhiwa katika kumbukumbu isiyohitaji umeme, na kwa baadhi ya watengenezaji suluhisho pekee ni kubadilisha ubao mama mzima. Kwa hiyo kila nenosiri litaandikwa katika hifadhi ya manenosiri *kabla* ya kuingizwa kwenye kompyuta, kisha kompyuta itazimwa, itawashwa, na nenosiri litajaribiwa kwa kulisoma kutoka kwenye hifadhi. Wenye ruhusa ya kuyaona ni Afisa TEHAMA na Meneja wa Utawala pekee. Nakala iliyochapishwa, pamoja na funguo za urejeshaji, itawekwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri katika kasiki ya ofisi, na tarehe ya kuifungua itaandikwa juu yake.

Nenosiri la kuwashia, yaani lile linaloombwa kila kompyuta inapowaka, si la lazima. Kwa uzoefu wa kazi hii, nenosiri la ziada analotakiwa mfanyakazi kulikumbuka kila asubuhi huishia kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kompyuta. Badala yake, L01 na L02, ambazo husafiri mara kwa mara zikiwa na taarifa za fedha, zitawekewa PIN ya BitLocker ya tarakimu zisizopungua 8, kwa sababu hiyo inalinda data yenyewe. Nenosiri la programu dhibiti halimzuii mwizi kuichomoa diski na kuisoma kwenye kompyuta nyingine. Usimbaji ndio unaomzuia, na kwa hiyo diski zote kumi zitakuwa zimesimbwa, zile za Ubuntu kwa LUKS, mfumo wa usimbaji wa Linux.

Mpangilio wa kuwasha

Diski ya ndani itakuwa ya kwanza katika orodha, na ndiyo pekee itakayobaki imeruhusiwa. Kuwasha kutoka kwenye flashi, diski ya nje na mtandao kutazimwa. Mipangilio ya mtandao huonekana kwa majina kama `PXE Boot` au `Network Stack`, nayo itazimwa yote, kwa kuwa kampuni haisakinishi mfumo kupitia mtandao.

Menyu ya kuchagua chanzo cha kuwashia kwa mara moja, ambayo hufunguliwa kwa kitufe cha `F12`, `F9` au `Esc`, hukaa nje ya orodha hiyo. Katika baadhi ya modeli menyu hiyo hufunguka bila nenosiri hata kama mipangilio mingine yote imefungwa. Ni lazima izimwe, au ilindwe kwa nenosiri la msimamizi, na mhakiki atathibitisha kwa kuingiza flashi yenye mfumo unaowaka na kujaribu kuifuata njia hiyo mwenyewe. Pale ambapo kuna chaguo la `Boot Order Lock`, litawashwa, kwa sababu mpangilio wa kuwasha unaweza pia kubadilishwa kutoka ndani ya mfumo endeshi na mtu mwenye mamlaka ya msimamizi. Kwa sababu hiyohiyo, akaunti za kila siku za wafanyakazi hazitakuwa na mamlaka hayo.

Afisa TEHAMA akihitaji kuwasha kutoka kwenye flashi kwa ajili ya matengenezo, ataruhusu kwa muda, atafanya kazi, na atafunga tena siku hiyohiyo.

Secure Boot

Kompyuta zote zitawaka kwa UEFI, hali ya kisasa ya programu dhibiti, hali ya zamani inayoitwa `Legacy` au `CSM` itazimwa, na `Secure Boot` itakuwa imewashwa. Kwa utaratibu huu, programu dhibiti hukagua sahihi ya kidijitali ya kila kipakiaji kabla ya kukiruhusu kufanya kazi. Uhakiki utafanywa kwa amri ya kwanza kwenye Windows na ya pili kwenye Ubuntu:

```
Confirm-SecureBootUEFI
mokutil --sb-state
```

Majibu yanayokubalika ni `True` na `SecureBoot enabled`. Jibu jingine lolote, likiwemo la hitilafu, ni kushindwa.

Hata hivyo, `True` peke yake haitoshi. Mwaka 2023 ilijulikana kwamba programu hasidi ya BlackLotus iliweza kufanya kazi kwenye Windows 11 huku `Secure Boot` ikiwa imewashwa, kwa kutumia kipakiaji cha zamani chenye kasoro ambacho sahihi yake ilikuwa halali na bado haikuwa imebatilishwa. Orodha ya vilivyobatilishwa, iitwayo `dbx`, husasishwa kupitia Windows Update, na kwenye Ubuntu kupitia `fwupdmgr`. Kompyuta isiyopokea masasisho hayo huendelea kukiamini kitu ambacho hakistahili tena kuaminiwa.

Mwaka huu kuna jambo jingine lisiloweza kuahirishwa. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, ambavyo `Secure Boot` ya kompyuta nyingi imevitegemea, vinaanza kuisha muda wake Juni 2026, na kile kinachotumika kutia sahihi kipakiaji cha Windows kinaisha Oktoba 2026. Kompyuta isiyo na vyeti vipya vya mwaka 2023 haitaacha kuwaka, lakini haitaweza kupokea kinga mpya za hatua ya kuwasha. Kila kompyuta ya Windows itakaguliwa kabla ya tarehe 31 Mei 2026:

```
[Text.Encoding]::ASCII.GetString((Get-SecureBootUEFI db).bytes) -match 'Windows UEFI CA 2023'
[Text.Encoding]::ASCII.GetString((Get-SecureBootUEFI PK).bytes) -match 'DO NOT TRUST|DO NOT SHIP'
```

Mstari wa kwanza unapaswa kujibu `True`. Wa pili unapaswa kujibu `False`: mwaka 2024 ilibainika kwamba modeli nyingi ziliuzwa zikiwa na ufunguo wa majaribio uliokuwa na maneno hayo ya onyo ndani yake. Ukijibu `True`, kompyuta itaondolewa kazini hadi mtengenezaji atoe sasisho.

Hali ya L10

L10 bado inawaka kwa `Legacy`, na diski yake imegawanywa kwa MBR, mpangilio wa zamani unaopaswa kubadilishwa kuwa GPT ili Windows iwake kwa UEFI. Imepewa msamaha hadi tarehe 31 Machi 2026, na katika muda huo haitatoka nje ya ofisi. Baada ya kunakili data yote na kusimamisha BitLocker, itahakikiwa na kubadilishwa hivi:

```
mbr2gpt /validate /allowFullOS
mbr2gpt /convert /allowFullOS
```

Kisha programu dhibiti itahamishiwa UEFI na `Secure Boot` kuwashwa. Uhakiki ukishindikana, mfumo utasakinishwa upya.

Ukaguzi na makabidhiano

Ukaguzi utafanyika kila baada ya miezi mitatu, na mara moja baada ya kompyuta kurudi kutoka kwa fundi, kwa sababu ubao mama mpya huja bila nenosiri na ukiwa na mipangilio ya kiwandani. Toleo la programu dhibiti litaandikwa kwenye rejista kila mara na kulinganishwa na la mtengenezaji, na sasisho lolote la usalama litawekwa ndani ya siku 30. Masasisho yatachukuliwa kwa mtengenezaji au kupitia mfumo endeshi pekee.

Kompyuta inapouzwa au kutolewa, diski itafutwa, nenosiri la msimamizi litaondolewa mbele ya mpokeaji, na ingizo lake katika hifadhi litafutwa baada ya mpokeaji kutia sahihi kwenye rejista.