Shikamoo shangazi, wale kuku wameendeleaje?

Shikamoo shangazi. Habari za Singida? Na ule mguu, umepungua kuuma? Huku Morogoro sote wazima, watoto wanakusalimu.

Nimenyamaza wiki tatu makusudi. Siku ile nilipokushauri uwachanje kuku, nilikwambia kinga ya kideri haiji papo hapo, inataka kama wiki mbili, nikaona nikikuuliza mapema tutabahatisha tu. Sasa muda umetosha. Imekuwaje?

Anzia asubuhi yenyewe ya kuchanja. Uliwahi kuwakamata kabla hujafungua banda? Kila mmoja alipata tone lake jichoni, ukasubiri linywee ndipo ukamwachia? Na yule tetea mweusi anayelala juu ya mwembe, alipatikana, au ndiye aliyekukimbiza uwanja mzima ukamwacha? Usinionee haya. Hata mimi wa kwangu hunitoroka.

Kichupa cha chanjo nacho kilikaa wapi toka dukani mpaka nyumbani? Nauliza kwa sababu mwaka juzi nilimkosea jirani yangu mmoja hapa. Alinilalamikia kuku wanakufa, nami bila kumuuliza lolote nikamwambia achanje tena. Akanunua, akachanja, wakafa. Kumbe kichupa anakiweka dirishani, jua la saa saba linakipiga, na mara zote mbili alifanya vilevile. Hela yake ikaenda bure kwa haraka yangu. Hii chanjo ya matone inavumilia joto kuliko nyingine, lakini jua kali hapana.

Halafu wale majogoo wawili uliosema utawanunua mnadani. Uliwatenga, au waliingia bandani jioni ileile?

Kama kuna waliokufa, nihesabie: wangapi, wakubwa au vifaranga, na ilikuwa siku ya ngapi baada ya chanjo. Waliharisha kijani? Kuna aliyepinda shingo? Siku hapo ndiyo muhimu, maana kuku akiwa ameshaugua ndani kwa ndani, chanjo haimponyi, na kideri hakina dawa. Watu wanaona amekufa siku ya tatu, basi wanasema kachanjwa ndiyo maana. Najua na jirani zako wameshasema.

Kama wote wazima, nako niambie, tena kwa hesabu, maana "wapo tu" yako naijua.

Nina la kusema kuhusu ndui ya vifaranga, na ile chanjo ya kurudia baada ya miezi mitatu, ila sitalisema mpaka nikusikie wewe kwanza. Huenda yale ya mwanzo hayakukufaa, nikakurundikia mengine juu yake.

Ukiona kuandika ni kazi, nitumie sauti, na uirekodie palepale mlangoni pa banda usiku wakishalala. Nataka nisikie kama kuna anayekoroma.

Mwanao wa Morogoro