Sababu za Hatua ya 3 kutokamilika Ijumaa 27 Juni, na tarehe mpya

Bi. Atieno,

Habari za asubuhi. Natumai wikendi ilikuwa njema.

Ijumaa jioni ulinipigia ukauliza swali moja: ilikuwaje ripoti ya Jumatatu ikaandika "tunaendelea vizuri", kisha siku nne baadaye hakuna kitu cha kukabidhi? Sikukujibu vizuri kwenye simu. Jumamosi nilikaa na historia ya tiketi zote za Hatua ya 3, nikasoma kila badiliko na nani alilifanya. Haya ndiyo niliyoyaona. Nimekufungulia pia ruhusa ya kusoma ubao wetu, ili uhakikishe mwenyewe bila kunitegemea mimi.

Nianze na tarehe: Hatua ya 3, yaani malipo ya mikopo kwa simu, tutaikabidhi Ijumaa 18 Julai 2025. Ni siku 15 za kazi baada ya tuliyoahidi.

Siku 7 kati ya hizo zilipotea tukisubiri faili la Excel lenye daftari la mikopo ya zamani. Hii ndiyo historia ya tiketi hiyo:

```
MLP-44  Kuhamisha daftari la mikopo
09 Jun  To Do       -> Blocked      "tunasubiri faili"
16 Jun  comment                     "nimewakumbusha"
18 Jun  Blocked     -> In Progress  faili limefika
```

Ukiisoma juu juu utadhani ofisi yenu ndiyo iliyochelewesha. Sivyo. Kwenye mpango tuliotia sahihi, faili lilipaswa kuombwa 26 Mei, na mwombaji alikuwa mimi. Niliomba 9 Juni, siku ileile tuliyolihitaji. Kisha nikakaa wiki nzima kabla ya kukumbusha. Mhasibu wenu alilituma siku mbili baada ya ukumbusho huo, na hapo sina la kumlaumu.

Siku nyingine 8 zimetokana na kosa letu la kiufundi, na hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu linagusa pesa za wanachama.

Faili lilipofika tulichukua malipo ya Mei, yote 1,340, tukayapitisha kwenye mfumo mpya ili tuone kama matokeo yatalingana na vitabu vyenu. Ijumaa 20 Juni, mwenzetu wa majaribio aliona kwamba mfumo umewatoza wanachama 31 faini ya kuchelewa ya shilingi 200, ilhali kwenye vitabu vyenu wote wamelipa kwa wakati. Alimchukua mmoja wao akamfuatilia. Ni dereva aliyelipa Jumamosi 31 Mei, saa nne na robo usiku:

```
TransTime:  20250531221500
saved:      2025-05-31T22:15:00Z
shown:      2025-06-01 01:15 EAT
```

Mstari wa kwanza ni muda ulioletwa na M-Pesa, na uko sahihi kwa saa za Nairobi. Mstari wa pili ndipo tulipokosea. Hiyo herufi Z inasema muda huo ni wa UTC, ambao uko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo mfumo ulipomwonyesha karani muda wa hapa, uliongeza saa tatu juu ya muda ambao tayari ulikuwa wa hapa. Saa nne na robo usiku ikawa saa saba na robo, Mei ikawa Juni, na dereva aliyelipa siku ya mwisho akaonekana amechelewa.

Mtu akilipa mchana, saa hizo tatu hazibadilishi tarehe, na hakuna anayegundua. Ila malipo yoyote kuanzia saa tatu usiku yanarukia siku inayofuata. Na wanachama wenu ni watu wa matatu. Gari linaingia, dereva na makanga wanafunga hesabu, tajiri anapewa chake, ndipo mtu anakumbuka mkopo. Katika faili la Mei, malipo 212 yalifanyika baada ya saa tatu usiku. Sisi majaribio yetu yote 46 yalifanyika kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, saa za watu wa ofisi. Ndiyo maana MLP-41, tiketi ya faini, iliwekwa `Done` 13 Juni na ikafunguliwa tena 20 Juni.

Utauliza kwa nini kosa la mstari mmoja lile siku 8. Tarehe hiyo inasomwa mahali panne: kwenye faini, riba, ripoti ya kufunga siku na SMS ya mwanachama. Kupatengeneza kote kumechukua siku 5, na kazi hiyo iliisha Ijumaa. Siku 2 ni za majaribio ya usiku, safari hii kwa malipo halisi ya shilingi kumi kumi kuanzia saa tatu hadi baada ya saa sita. Siku 1 ni Jumatatu 7 Julai, Saba Saba, ambayo siitegemei. Maandamano ya Jumatano iliyopita siyahesabu kama sababu. Barabara za mjini zilifungwa, lakini watu walifanya kazi nyumbani na ubao unaonyesha tiketi zilisogea siku hiyo.

Sasa ile ripoti ya Jumatatu 23 Juni. Nilikuwa najua tangu Ijumaa. Historia inaonyesha kwamba asubuhi hiyohiyo, saa mbili na dakika arobaini, nilisogeza tarehe ya MLP-41 hadi 2 Julai, kisha saa nne nikakutumia ripoti yenye "asilimia 80". Hiyo ilikuwa hesabu ya tiketi zilizofungwa, na nilitumaini tungeziba pengo kabla hujaliona. Nilipaswa kukupigia 20 Juni. Naomba radhi. Kuanzia leo, tarehe yoyote ya Hatua ya 3 ikisogezwa, ubao utakutumia barua pepe papo hapo.

Uliuliza pia kama tunaweza kuwapa wanachama sehemu iliyo tayari wiki hii. Kiufundi inawezekana, lakini nakushauri tusifanye hivyo. Daftari la zamani bado halijahamishwa lote, na mwanachama akipata SMS yenye salio la uongo usiku wa manane, asubuhi mtampata mlangoni na risiti mkononi.

Kutoka kwenu nahitaji mambo mawili. Kwanza, mhasibu atupe saa mbili Jumatano 9 Julai, saa nne asubuhi, tulinganishe salio za mikopo ya zamani pamoja naye. Nitakuja mimi mwenyewe ofisini. Pili, nitajie wanachama watatu wanaolipa usiku ambao hawatakasirika tukiwaomba watusaidie kujaribu tarehe 14 na 15.

Ankara ya Hatua ya 3 haitatumwa hadi utie sahihi ya kupokea kazi, na siku 8 za marekebisho hatutawatoza. Nipo kwenye simu hadi saa sita mchana leo, kisha baada ya saa tisa.

Wako,
Mutua
Msimamizi wa mradi