Somo la Balehe, Darasa la Sita: Majibu ya Sanduku la Maswali

"Mwalimu, wenzangu wameshapata hedhi, mbona mimi bado?" Balehe huanza miaka 8 hadi 13 kwa wasichana, 9 hadi 14 kwa wavulana. Ukifika 15 bila hedhi, mweleze mama au muuguzi.

Pedi ibadilishwe kila saa 4 hadi 6, hata damu ikiwa kidogo. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni na maji baridi (ya moto hugandisha damu), kianikwe juani. Kukificha chini ya godoro, kama wengi wafanyavyo, hukiacha na unyevu. Muwasho huanzia hapo.

Wavulana, kuamka na shahawa kwenye shuka si ugonjwa wala kosa. Oga, badili nguo.

Mtu akikushika sehemu za siri, mwambie mtu mzima unayemwamini au piga 116, bure.