Safari ya Mikumi siku moja kutoka Morogoro: bei kamili kwa shilingi na miezi mizuri ya kwenda

Jina la faili: mikumi-siku-moja-bei-na-msimu-2024.mp4

Kichwa cha video: Mikumi siku moja kutoka Morogoro | Bei yote kwa shilingi, hakuna kilichofichwa | Mwezi gani uende?

Maandishi juu ya picha ya jalada: MIKUMI: 92,900 KWA KICHWA (mkiwa 6)

Maelezo ya picha ya jalada kwa wasioona: Tembo jike na ndama wake wanavuka barabara ya vumbi kwenye tambarare ya Mkata, nyasi zimekauka na kuwa rangi ya dhahabu, nyuma yao milima ya bluu. Gari la watalii limesimama mbali, limezimwa.

Maelezo ya video:

Mkiwa watu sita, safari ya siku moja Mikumi kutoka Morogoro mjini inamgharimu kila mtu mzima raia wa Afrika Mashariki shilingi 92,900. Mkiwa wawili ni 242,900 kila mmoja. Tumeanza na hizo namba kwa sababu ndizo mnazotuuliza kila siku, na kwa sababu mtu anayepanga safari na familia yake anastahili kuzijua kabla hajapiga simu.

Hesabu yenyewe ni hii. Gari zima, Landkruza ya viti saba vya abiria yenye paa linalofunguka, pamoja na dereva anayejua mbuga, mafuta, maji ya kunywa na ada ya gari kuingia hifadhini, ni 450,000 kwa siku. Bei hiyo haibadiliki mkiwa wawili au sita, ndiyo maana mkiwa wengi mnapata nafuu: wanne ni 112,500 kila mtu, sita ni 75,000. Hatupakii zaidi ya sita ingawa kiti cha saba kipo, maana mtu wa saba hukaa katikati na haoni kitu. Juu ya hapo kuna kiingilio cha TANAPA, 5,000 na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, jumla 5,900. Chakula cha mchana, wali au ugali na kuku, mboga na tunda, ni 12,000. Ukipenda kubeba cha kwako, beba. Hiyo 12,000 tunaiondoa kwenye bei.

Mtoto wa miaka 5 hadi 15 analipa kiingilio 2,360. Aliye chini ya miaka mitano haingii kwenye kiingilio kabisa, ila akikaa kiti chake mwenyewe tunamhesabu kwenye mgawanyo wa gari. Mgeni asiye raia wa Afrika Mashariki analipa dola 30 na kodi, yaani dola 35.40, na gari ni bei ileile ya 450,000. Hatuna bei ya Mzungu na bei ya Mswahili kwenye gari letu. Tofauti iko kwenye kiingilio tu, na hicho kinapangwa na serikali.

Kiingilio hakilipwi kwa fedha taslimu getini. Tunakutolea kumbukumbu namba ya malipo, unalipa mwenyewe kwa simu au benki, na risiti inatoka kwa jina lako. Tunasisitiza ulipe mwenyewe ili uone fedha yako imeenda hifadhini. Njoo na kitambulisho cha taifa au pasipoti. Bila hicho hutahesabiwa kuwa raia, na tofauti ya bei umeshaiona.

Wanaotaka kulala: siku mbili na usiku mmoja, mkiwa sita, ni 215,800 kwa mtu mzima. Humo mna mgawo wa gari 130,000, kiingilio cha siku mbili 11,800, chumba mji mdogo wa Mikumi 40,000 pamoja na chai ya asubuhi, na chakula cha mchana mara mbili na cha usiku kwa 34,000. Chumba ni safi, kina neti na feni. Hakina kiyoyozi. Kulala ndani ya hifadhi ni ghali zaidi ya mara kadhaa, na kwa familia nyingi tunazozipeleka fedha hiyo inafaa zaidi kuongeza siku ya kuzunguka porini.

Bakshishi ya dereva ni hiari yako. Mshahara wake haumo kwenye bakshishi, umo kwenye ile 450,000.

MWEZI GANI UENDE

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230, lakini safari ya siku moja huishia zaidi upande wa tambarare ya Mkata, na tambarare hiyo ndiyo inayoamua msimu. Udongo wake mwingi ni mweusi, wa mfinyanzi. Jua likiwaka unakuwa mgumu kama saruji. Mvua ikinyesha unashika tairi na hauachii.

Kwa hiyo kuanzia Juni mwishoni hadi Oktoba ndio wakati tunaoupendekeza kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza. Nyasi ni fupi, maji yamebaki sehemu chache, na wanyama wanalazimika kuyafuata. Ukikaa karibu na bwawa kwa subira utawaona pundamilia, nyumbu, swala pala, ngiri na nyati wakija kwa zamu, na tembo wakifika wengine wote wanawapisha. Septemba na Oktoba ni bora kuliko Juni kwa kuona, ila kuna joto na vumbi. Juni na Julai asubuhi ni baridi hasa paa likiwa wazi. Mlete mtoto na sweta.

Novemba na Desemba mvua huanza kunyesha na kukatika. Mbuga inageuka kijani, swala pala wanazaa, na ndege wahamiaji wanakuwa wamefika. Anayependa ndege au kupiga picha, huu ni wakati wake, na kwa maoni yetu ndio wakati Mikumi inapendeza zaidi kwa macho. Lakini wanyama wametawanyika kwa sababu maji yako kila mahali. Januari na Februari ni hivyohivyo, kutegemea mvua ya mwaka huo.

Machi hadi Mei ni masika. Tunapokea simu za watu wanaotaka kwenda Pasaka, na tunawaambia ukweli: njia nyingi za ndani hazipitiki, nyasi zimefika kiunoni, simba anaweza kuwa hatua kumi kutoka kwenye gari usimwone. Ukisisitiza tutakupeleka kwa 380,000 badala ya 450,000 kwa sababu mzunguko wenyewe utakuwa mfupi. Aprili, kama unaweza kusubiri, subiri.

Epuka pia wiki ya Nanenane kama unataka kulala Morogoro. Maonyesho ya wakulima hujaza vyumba vyote, na bei za nyumba za wageni hupanda.

UTAKACHOKIONA NA USICHOKIONA

Video hii ni ya siku moja ya Septemba 2024, kama ilivyokwenda. Tembo wengi, twiga karibu sana, viboko na mamba, nyati kwa mbali. Simba tuliwaona wawili wamelala chini ya mti, mbali, na tumewaacha hivyohivyo bila kuchomeka picha za siku nyingine. Chui hatukumwona, wapo, lakini ni bahati. Faru Mikumi hakuna. Nyumbu wa hapa hawafanyi ule msafara mkubwa unaouona kwenye video za Serengeti, hivyo yeyote anayekuahidi hayo kwa safari ya Mikumi muulize vizuri.

Wengi mnatuuliza kwa nini mlipie wakati barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 na basi linakuonyesha tembo bure. Ni kweli, unaweza kuwaona. Basi linapita, haliruhusiwi kusimama ukawatazama, na haliingii njia za ndani za tambarare ya Mkata. Ndani ya hifadhi gari linazimwa. Unasikia tembo anavyong'oa nyasi. Hiyo ndiyo tofauti unayoilipia, na kama kwako haitoshi, tunakuelewa.

WANAOTOKA DAR

Kutoka Dar es Salaam hadi geti la Mikumi ni kama kilomita 283. Treni ya SGR inafika kwetu Morogoro, nauli ya kawaida iliyotangazwa ilipoanza 2024 ilikuwa 13,000 kwenda tu. Inapendeza na inawahi, lakini hata treni ya kwanza ya asubuhi itakufikisha getini jua limeshapanda na simba wameshaingia kivulini. Panda ya jioni, lala Morogoro, tukuchukue saa kumi na moja alfajiri. Kukupokea stesheni ni bure.

VITU VYA KUBEBA

Nguo za rangi ya khaki, kijani au kijivu. Usivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda rangi hizo na wanauma kupitia shati. Kofia, maji, dawa zako. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, tumia kapu. Droni hairuhusiwi bila kibali, usiibebe. Na tafadhali, nyani wa barabarani wasipewe ndizi: wakizoea magari hugongwa.

MALIPO NA KUGHAIRI

Malipo ya awali ni asilimia 30 ya gari. Ukighairi siku saba kabla tunarudisha yote. Ndani ya siku saba tunakuhamishia tarehe nyingine. Gari letu likiharibika njiani na tukashindwa kukupatia lingine ndani ya saa mbili, unarudishiwa ada ya gari yote.

Bei zimeandikwa Oktoba 2024. Viingilio vinaweza kubadilika mwaka wa fedha unapoanza Julai. Vikibadilika tutarekebisha hapa na kuandika tarehe.

Sura za video:
0:00 Bei kwanza
1:10 Kutoka Morogoro alfajiri
2:48 Getini: kitambulisho na kumbukumbu namba
4:05 Tambarare ya Mkata, pundamilia na nyumbu
6:32 Tembo wanavuka, tunazima gari
9:15 Bwawa la viboko
11:40 Chakula cha mchana na mbung'o
12:55 Simba wawili, mbali
14:20 Mwezi kwa mwezi: uende lini
17:03 Hesabu ya watu 2, 4 na 6
18:42 Mwisho

Lugha ya video: Kiswahili. Maandishi ya chini: Kiswahili, yameandikwa kwa mkono ili majina ya wanyama na mahali yatoke sawasawa.

Kundi: Safari na matukio. Mahali: Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, Morogoro, Tanzania. Tarehe ya kurekodiwa: Septemba 2024. Inafaa watoto: ndiyo kwa kutazama na familia, ila haikutengenezwa kwa ajili ya watoto.

Orodha ya video: Mbuga za karibu na Morogoro

Maneno ya utafutaji: safari ya mikumi, bei ya kwenda mikumi, kiingilio cha mikumi, mikumi kutoka dar kwa treni, mikumi kutoka morogoro, utalii wa ndani tanzania, hifadhi za taifa bei nafuu, mikumi mwezi gani, mikumi na watoto, tembo mikumi, gari la kukodi mikumi

Alama za reli: #Mikumi #UtaliiWaNdani #Morogoro

Maoni ya kubandikwa juu:
Karibuni, ndugu zetu. Ukiuliza bei hapa chini, tutakujibu hapa hapa hadharani, hatutakuambia "njoo inboksi", kwa sababu jibu lako litamsaidia na mwenzako. Andika mko wangapi, watoto wana miaka mingapi, na mwezi mnaoufikiria. Kama ni Aprili tutawashauri kusogeza mbele. Mliokwenda Mikumi wiki hizi, na sisi au na wengine, tuambieni hali ya njia za Mkata.

Skrini ya mwisho: kitufe cha kujiunga na chaneli upande wa kushoto, kulia video yetu ya maporomoko ya Sanje, Udzungwa, kwa wanaotaka kuunganisha safari mbili kwa siku tatu.